Tiketi inasema saa saba mchana: mwongozo wa kujua utafika siku gani na saa ngapi kwenye safari ndefu ya ndege

Ninauza tiketi za ndege Mwanga, hapa Kigoma mjini. Januari hii alikuja mama mmoja wa Ujiji anayekwenda kumwona binti yake Marekani. Tiketi alikwisha kukatiwa na huyo binti, na alikuja na simu tu akitaka asomewe. Mistari yenyewe ilikuwa hivi:

```
DAR 14 JAN 00:50   DOH 14 JAN 06:40    5h 50m
DOH 14 JAN 08:10   LAX 14 JAN 13:10   16h 00m
```

Yaani Dar es Salaam hadi Doha, kisha Doha hadi Los Angeles. Mama alikuwa ameshapiga hesabu yake: kuondoka saa 00:50, kufika 13:10, ni saa kumi na mbili na dakika ishirini. "Mwanangu," akaniambia, "mbona karibu hivi? Basi la kwenda Dar linachukua muda zaidi ya huo." Halafu akauliza swali lililomleta hasa: binti yake anaomba ruhusa kazini ili aje kumpokea, je, aombe ya siku gani?

Nitaichukua tiketi hii hatua kwa hatua, kwa sababu ina karibu kila kitu kinachowachanganya watu. Ukiiweza hii, tiketi ya kwenda popote utaiweza.

Kila saa kwenye tiketi ni ya uwanja ulioandikwa kando yake

Hili ndilo la kwanza kushika. 00:50 ni saa ya ukutani pale Dar. 13:10 ni saa ya ukutani pale Los Angeles. Haziko kwenye kipimo kimoja, kwa hiyo huwezi kutoa moja kwenye nyingine ukapata muda wa safari. Ni sawa na kutoa shilingi kwenye faranga.

Watu wa Kigoma hili tunaliishi, ila hatulipi jina. Ukiteremka Kibirizi kwenye maboti, mfanyabiashara atakwambia ameachana na mwenzake wa Bujumbura "saa mbili ya kwetu, saa moja ya kwao". Burundi na mashariki mwa Kongo wako saa moja nyuma yetu. Ziwa ni lile lile na jua ni lile lile, lakini ukivuka unarudisha saa. Boti likiondoka hapa saa mbili asubuhi na kutumia saa nne, kwa saa ya huku litafika saa sita mchana, na kwa saa ya kule ni saa tano. Mtu aliyesoma saa mbili na saa tano atadhani limetumia saa tatu. Mama wa Ujiji alifanya kosa hilo hilo, tofauti ni kwamba kwenye tiketi yake pengo halikuwa saa moja, lilikuwa saa kumi na moja.

Tanzania nzima iko UTC+3 mwaka mzima, na hatusogezi saa. UTC ni saa ya dunia, ile ambayo wazee wa redio waliizoea kama saa ya Grinichi. Maana ya UTC+3 ni kwamba saa yetu iko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu. Bujumbura na Kalemie ni UTC+2. Doha ni UTC+3 kama sisi, ndiyo maana mstari wa kwanza wa tiketi haumchanganyi mtu: ukihesabu kutoka 00:50 hadi 06:40 unapata saa tano na dakika hamsini, na ndivyo ilivyoandikwa. Mstari wa pili ndio wenye kazi.

Kabla ya hesabu, hakikisha unaijua siku ya kuondoka

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nimeona watu wakipoteza tiketi nzima kwa ajili ya hili, na hesabu ya kufika haina maana kama ndege imekuacha.

Tiketi inasema 14 JAN 00:50. Tarehe 14 Januari 2026 ni Jumatano. Kwenye tiketi siku inaanza 00:00, yaani saa sita kamili ya usiku, kwa hiyo 00:50 ni dakika hamsini tu tangu Jumatano ianze. Kwa mazoea yetu, hiyo ni saa saba kasoro dakika kumi, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Jua la Jumanne ndilo lililozama, la Jumatano bado halijachomoza.

Mtu akisikia "ndege Jumatano usiku" atalala Dar Jumanne kwa raha zake, na Jumatano saa nne usiku atafika uwanjani akiwa na mabegi. Ndege yake itakuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Kijana mmoja wa Kasulu niliyemhudumia yalimpata haya haya. Mimi nilimwambia tarehe sawasawa, lakini sikumwambia neno "kuamkia", na tangu hapo sijamwandikia mtu karatasi bila neno hilo.

Kwa Ujiji kuna la ziada. Wazee wengi pale bado wanahesabu siku kuanzia magharibi, kama walivyorithi kwa waliotoka pwani: wakisema "usiku wa Ijumaa" wana maana ya usiku unaotangulia Ijumaa. Kwao 00:50 ya Jumatano ni "usiku wa Jumatano" kweli, na wanapatia. Kijana wao akisema "usiku wa Jumatano" ana maana ya usiku unaofuata mchana wa Jumatano. Nyumba moja, maneno yale yale, siku mbili tofauti. Kwa hiyo usiseme "usiku wa Jumatano" kabisa. Sema "Jumanne usiku kuamkia Jumatano", kila mtu ataelewa.

Kwa tiketi ya mama, kufika uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuruka ni kufika saa nne kasoro dakika kumi usiku wa Jumanne. Nilimshauri awe Dar tangu Jumatatu.

Hesabu yenyewe

Njia ninayoitumia haitaki ujue tofauti kati ya Doha na Los Angeles moja kwa moja. Unapitia saa ya dunia. Unaipeleka saa ya kuondoka kwenye UTC, unaongeza muda ambao ndege iko njiani, halafu unalitoa jibu kwenye UTC na kulipeleka kwenye saa ya unakofika. Ni hatua tatu, na katika kila hatua unaandika saa pamoja na jina la siku. Ukiacha kuandika siku, utapotea.

Vitu vitatu vinahitajika: UTC ya unakoondokea, muda wa ndege, na UTC ya unakofika kwa tarehe utakayofika. Doha ni UTC+3. Muda ni saa 16. Los Angeles mwezi wa Januari ni UTC-8, yaani wako nyuma ya saa ya dunia kwa saa nane.

```
08:10 Jumatano   Doha (UTC+3)
- 3:00
05:10 Jumatano   UTC
+16:00
21:10 Jumatano   UTC
- 8:00
13:10 Jumatano   Los Angeles (UTC-8)
```

Jibu ni 13:10 Jumatano, sawasawa na tiketi. Mama atafika Jumatano ile ile aliyoondoka, saa saba na dakika kumi mchana kwa saa ya huko. Safari yote, ukijumlisha ndege ya kwanza, saa moja na nusu ya kusubiri Doha, na ndege ya pili, ni saa ishirini na tatu na dakika ishirini. Saa kumi na mbili na dakika ishirini alizozihesabu yeye zilipungukiwa saa kumi na moja, nazo ndizo tofauti ya Tanzania na Los Angeles kwa mwezi huo.

Tena kwa kuwa ulishafika kwenye UTC, unaweza kujua pia huku kwetu itakuwa saa ngapi anapotua: 21:10 ongeza 3 ni 24:10, yaani 00:10 ya Alhamisi. Kwa hiyo wa nyumbani wasisubiri simu Jumatano jioni wakaanza kuingiwa na hofu. Simu itapigwa usiku wa manane wa Jumatano kuamkia Alhamisi, na kwa foleni ya uhamiaji na ya mabegi, pengine saa nane au saa tisa usiku.

Angalia alama. Ukitoka mahali penye UTC+3 kwenda UTC unatoa tatu. Ukitoka mahali penye UTC-8 kwenda UTC unaongeza nane. Ukitoka UTC kwenda mahali, unafuata alama kama ilivyoandikwa. Anayegeuza alama upande mmoja jibu lake hupotoka mara mbili ya tofauti yenyewe: hapa angepata 05:10 Alhamisi badala ya 13:10 Jumatano, saa kumi na sita nje. Ukiona jibu lako na la tiketi yamepishana kwa saa nyingi na kwa namba shufwa, kwanza rudi kwenye alama.

Kosa jingine ni la dakika. Saa ina dakika 60, kalkuleta inahesabu kwa mia. Ukiandika 8.50 + 5.50 kwenye kalkuleta itakupa 14.00, wakati 08:50 kujumlisha saa tano na dakika hamsini ni 14:40. Jumlisha saa peke yake, dakika peke yake, dakika zikipita 60 peleka saa moja mbele. Saa zikipita 24, toa 24 na sogeza siku moja mbele. Zikiwa pungufu ya sifuri, ongeza 24 na rudisha siku moja nyuma. Karatasi na kalamu vinatosha.

Watu huniuliza kuhusu nchi ambazo ndege inapita juu yake. Rubani akipita Iran, kisha Urusi, je, si saa zinabadilika? Kwa abiria hazihusu. Hesabu inajua mwanzo, mwisho, na muda wa katikati, basi. Hata ndege ikizunguka kukwepa anga fulani, kinachobadilika ni ule muda wa katikati tu.

Na muda huo uwe ni wa ndege moja. Tiketi nyingi za mtandaoni huonyesha juu kabisa muda wa safari nzima, wenye kusubiri ndani yake, kisha chini muda wa kila ndege. Ukichukua ule wa juu na kuuanzishia Doha, utamfikisha mama saa saba na dakika ishirini baada ya kufika. Kama unataka kutumia muda wa jumla, anza na saa ya kuondoka Dar: 00:50 toa 3 ni 21:50 ya Jumanne kwa UTC, ongeza 23:20 unapata 21:10 ya Jumatano. Njia mbili, jibu moja.

UTC ya unakofika hubadilika kwa msimu

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Sisi hatusogezi saa, kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba wengine wanasogeza. Marekani, sehemu kubwa, husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka huu wa 2026 ni tarehe 8 Machi na tarehe 1 Novemba. Katikati ya siku hizo Los Angeles si UTC-8 tena, ni UTC-7. Ulaya wana siku zao: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, yaani 29 Machi na 25 Oktoba mwaka huu. Kwa hiyo kuna wiki tatu za Machi ambazo Marekani wameshasogeza na Ulaya bado.

Machi ya mwaka jana, 2025, nilikuwa na mteja wa kutua Los Angeles Jumapili ya tarehe 9. Ijumaa nilifungua saa ya dunia kwenye simu, ikaniambia Los Angeles iko nyuma yetu kwa saa kumi na moja, nikapiga hesabu nikamwandikia mwenyeji wake saa ya kumpokea. Tiketi ilikuwa inasema saa moja zaidi ya hesabu yangu. Nikajiaminisha kwamba mfumo wa tiketi umekosea. Mwenyeji akakaa uwanjani saa nzima ya ziada na mtoto mdogo mgongoni.

Kilichotokea ni hiki. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo, ilipofika saa nane za usiku kwao, saa zilirukishwa hadi saa tisa. Kwa UTC hiyo ilikuwa 10:00 Jumapili, na ndege ya mteja wangu wakati huo ilikuwa hewani. Iliondoka Doha wakati Los Angeles ni UTC-8, ikatua wakati Los Angeles ni UTC-7. Hesabu inataka UTC ya dakika ya kutua. Simu yangu haikudanganya: ilinipa tofauti ya Ijumaa, nami nilihitaji ya Jumapili.

Kwa hiyo saa ya dunia ya kwenye simu itumie kwa safari ya leo au kesho. Kwa safari ya mbele, andika kwenye mtandao jina la mji pamoja na tarehe ya kufika, uone UTC ya siku hiyo. Na usidhani nchi moja ina saa moja. Marekani bara peke yake ina kanda nne, na jimbo la Arizona, isipokuwa eneo la Wanavaho, halisogezi saa kabisa: Phoenix ni UTC-7 Januari na ni UTC-7 Julai. Tuna ndugu wengi waliotoka kambi ya Nyarugusu wakahamishiwa miji mbalimbali ya Marekani, na kila ninapoulizwa "Marekani ni saa ngapi sasa hivi" jibu langu la kwanza ni kuuliza mji gani. Mahali pengine tofauti haiko hata kwenye saa kamili. India ni UTC+5:30, na Nepal ni UTC+5:45. Hesabu ni ile ile, dakika tu zinaingia.

Siku inayopotea na siku inayorudiwa

Kutoka Kigoma kwenda Amerika au Ulaya hukutani na mstari wa tarehe, ule unaopita katikati ya bahari ya Pasifiki. Lakini binti wa yule mama ana kaka yake Sydney, Australia, na mpango ni mama aende huko akitokea Los Angeles, kisha arudi. Tiketi hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi, maana inaondoka Ijumaa na kufika Jumapili, na muda ulioandikwa ni saa kumi na tano tu.

Huhitaji kuwaza mstari wa tarehe. Pita kwenye UTC kama kawaida. Sydney mwezi wa Januari wako kwenye kiangazi chao na wamesogeza saa, ni UTC+11.

```
22:20 Ijumaa 16     Los Angeles (UTC-8)
+ 8:00
06:20 Jumamosi 17   UTC
+15:00
21:20 Jumamosi 17   UTC
+11:00
08:20 Jumapili 18   Sydney (UTC+11)
```

Anaondoka Ijumaa saa nne na dakika ishirini usiku, anafika Jumapili saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Hatakuwa na Jumamosi mchana wala Jumamosi jioni mahali popote. Kama ana dawa za kumeza kila siku, na mama huyu anazo za presha, asifuate jina la siku kwenye kijiboksi cha dawa, maana ataruka siku nzima ambayo mwili wake haukuiruka. Kwa mwili wake zimepita saa kumi na tano. Ni jambo la kumuuliza daktari kabla ya kuondoka, ukiwa na saa za UTC mkononi ili umwonyeshe muda halisi kati ya dozi na dozi.

Kurudi ndiko kunakostaajabisha. Ndege inaondoka Sydney Jumapili tarehe 1 Februari saa 10:00, muda ni saa 13 na nusu:

```
10:00 Jumapili 1     Sydney (UTC+11)
-11:00
23:00 Jumamosi 31    UTC
+13:30
12:30 Jumapili 1     UTC
- 8:00
04:30 Jumapili 1     Los Angeles (UTC-8)
```

Anaondoka saa nne asubuhi na kufika saa kumi na nusu alfajiri ya siku ile ile, saa tano na nusu kabla ya kuondoka. Mama alipoona hivyo alicheka, akasema hao wamekosea kuchapa. Hawakukosea. Ukiona kwenye tiketi alama ya `+1` au `+2` pembeni ya saa ya kufika, ni siku zilizoongezeka juu ya tarehe ya kuondoka. `-1` ni siku iliyopungua. Ijumaa kwenda Jumapili ni `+2`. Pale ambapo hakuna alama, siku ni ile ile, na hiyo nayo uithibitishe kwa hesabu, kwa kuwa kwenye skrini ndogo ya simu alama hiyo ni ndogo kama punje na hupotea mtu akituma picha ya skrini.

Kuigeuza hesabu ili kuikagua tiketi

Ukishapata saa zote mbili, rudi kinyumenyume: zipeleke zote UTC, toa ya kuondoka kwenye ya kufika. Utakachopata lazima kiwe muda wa ndege ulioandikwa. Doha 08:10 ni 05:10 UTC, Los Angeles 13:10 ni 21:10 UTC, kati yake ni saa 16. Zikilingana, umeisoma tiketi sawa. Zikipishana kwa saa moja kamili, tatizo karibu kila mara ni kusogezwa kwa saa. Zikipishana kwa saa 24, umekosea siku, na mara nyingi ni ile ya usiku wa manane. Zikipishana kwa mara mbili ya UTC ya mji mmojawapo, ni alama.

Kumbuka pia kwamba muda wa tiketi ni wa ratiba. Upepo wa juu unaweza kuiharakisha au kuichelewesha ndege, na hiyo hesabu haiwezi kukwambia. Siku ya safari, mwenye kupokea aangalie namba ya ndege yenyewe.

Kumwandikia anayekupokea

Mpaka hapa sijageuza saa yoyote kuwa ya Kiswahili katikati ya hesabu, na nawe usifanye hivyo. Fanya yote kwa saa za Kizungu za 00 hadi 23, ukimaliza ndipo ugeuze mara moja tu. Kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa sita: 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana. Kuanzia 19:00 hadi 23:59 toa kumi na nane: 22:20 ni saa nne na dakika ishirini usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza sita: 04:30 ni saa kumi na nusu alfajiri.

Kwa anayepokea ughaibuni usitume maneno hayo. Watoto waliokulia kule husema "saa moja" wakiwa na maana ya 13:00, na ukimwambia "saa saba" anaweza kuja jioni, saa 19:00, wakati mama amekaa juu ya begi tangu mchana. Tarehe nayo andika jina la mwezi, kwa sababu Wamarekani hutanguliza mwezi: `1/2/2026` kwao ni tarehe 2 Januari, kwetu ni tarehe 1 Februari.

Karatasi niliyompa mama, aliyoikunja akaiweka ndani ya pasipoti, ilikuwa na mistari mitatu:

Kuwa uwanjani Dar: Jumanne 13 Januari, saa 21:50, saa nne kasoro kumi usiku. Ndege inaruka usiku huo huo, kuamkia Jumatano.

Kufika Los Angeles: Jumatano 14 Januari, 13:10 saa ya huko, mchana.

Huku Kigoma itakuwa: Alhamisi 15 Januari, 00:10, saa sita na dakika kumi usiku.

Mstari wa katikati tuliupiga picha palepale tukamtumia binti yake. Akajibu kwamba ruhusa ataomba ya Jumatano, kuanzia saa 12:00 ya huko.